Maskini Hayumo Kwenye Kwantaili ya 0.1

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wenzangu katika kazi,

Walionisikia mwaka jana watanisamehe, kwa kuwa narudia jambo lile lile, nami nitaendelea kulirudia hadi nitakapoacha kulikuta kwenye ripoti ninazoletewa nizikague. Ni sentensi moja, ambayo huandikwa hivi: “Kwantaili ya 0.1 inaonyesha kwamba elimu haiwasaidii sana maskini.” Kwantaili ya 0.1 ni kile kiwango ambacho mtu mmoja kwa kumi yuko chini yake, na ile ya 0.5 ni mediani. Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, nikasifiwa kwayo, na hakuna aliyeniuliza swali. Kwa hiyo nisipoonekana mpole jioni hii, mjue kwamba sehemu ya ghadhabu naielekeza kwangu.

Nitatumia watu kumi niliowabuni, ili hesabu yote ifanyike kichwani. Watano wameishia sekondari, na vipato vyao ni 10, 12, 14, 16 na 18. Watano wengine wamemaliza chuo kikuu, na vipato vyao ni 12, 20, 30, 45 na 93. Regresheni ya kawaida, ile ya wastani, ikipewa kipato upande mmoja na elimu upande wa pili, hurudisha tofauti ya wastani wa makundi hayo mawili: 40 kutoa 14, yaani 26. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, linganisheni wa chini na wa chini, wa pili na wa pili, mpaka wa juu na wa juu, nanyi mtapata tofauti za 2, 8, 16, 29 na 75. Hiyo 26 haimo popote katika orodha. Ni wastani wa tofauti hizo tano, na zaidi ya nusu ya jumla yake imeletwa na mtu mmoja mwenye 93.

Tofauti hizo tano ndizo regresheni ya kwantaili inazozirudisha, ukiiomba kwantaili za 0.1, 0.3, 0.5, 0.7 na 0.9. Roger Koenker na Gilbert Bassett waliieleza njia hii mwaka 1978, ingawa wazo la kupunguza jumla ya umbali bila kuupiga kipeo cha pili ni la mwanasayansi Bošković, katika karne ya kumi na nane. Kinachobadilika ni namna kosa linavyotozwa. Katika wastani, kosa huzidishwa kwa lenyewe, ndiyo maana mtu aliye mbali huuvuta mstari kwa nguvu nyingi. Hapa kosa hutozwa kwa umbali tu, ila bei ya kosa la juu na ya kosa la chini hazilingani. Hapa u ni kosa, yaani kipato kutoa mstari, tau ni kwantaili tunayoitaka, na 1[...] ni 1 mtu akiwa chini ya mstari, vinginevyo 0:

```
rho(u) = u * (tau - 1[u < 0])
```

Chukueni kundi la chuo kikuu na kwantaili ya 0.9, na mstari mwuweke mahali fulani kati ya 45 na 93. Mtu mmoja yuko juu yake, na kila hatua anayoachwa inagharimu 0.9. Wanne wako chini yake, na kila mmoja anagharimu 0.1, jumla 0.4. Mstari ukipanda hatua moja unaokoa 0.9 na kupoteza 0.4, kwa hiyo utaendelea kupanda hadi umfikie mwenye 93. Kwa kwantaili ya 0.5 bei za pande zote mbili zinalingana, nao mstari hutulia kwenye mediani, yaani 30. Sasa mwandishi wa takwimu akikosea, akaandika 930 badala ya 93, wastani wa kundi utaruka kutoka 40 hadi 207.4, wakati mediani itabaki 30. Kwa takwimu za kipato, ambazo juu kabisa hukaa watu wachache wenye fedha nyingi, na ambazo mara nyingine hufungwa kwa neno “na zaidi”, faida hiyo si ndogo. Lakini msidhani kwamba kila kwantaili imekingwa: ile ya 0.9 katika kundi la watu watano imeruka pamoja na kosa.

Najua kuna mtu hapa anayejiuliza kwa nini tusiigawe sampuli mafungu, maskini peke yao na matajiri peke yao, kisha tufanye regresheni ya kawaida ndani ya kila fungu. Swali hilo huulizwa kila mwaka, tena na watu werevu. Haya, tuigawe. Watano wa chini kati ya wale kumi wana 10, 12, 12, 14 na 16. Mmoja tu kati yao amesoma chuo kikuu, naye ana 12, na wanne waliobaki wana wastani wa 13. Tumegundua kwamba chuo kikuu kinapunguza kipato kwa 1! Kosa liko katika kuchagua watu kwa kipato, ambacho ndicho tunachotaka kukieleza: wasomi waliofaulu tumeshawaondoa kabla ya kuhesabu. Regresheni ya kwantaili haimwondoi mtu. Kwa kila kwantaili inawatumia wote kumi, na bei ndizo zinazobadilika.

Sasa nifike kwenye sentensi yangu. Mtazameni mtu mwenye 20. Katika kundi lake, la waliomaliza chuo kikuu, ni wa pili kutoka chini, na kwa hiyo ndiye anayebeba kwantaili ya 0.3. Mpangeni sasa pamoja na wote: 10, 12, 12, 14, 16, 18, 20, 30, 45, 93. Amekuwa wa saba kati ya kumi, juu ya mediani ya wote, ambayo iko katikati ya 16 na 18. Mtu huyo si maskini kwa kipimo chochote cha orodha hii. Ni msomi anayepata kidogo kuliko wasomi wenzake. Kwa upande wa pili, mwenye 18 ni wa kwanza kabisa katika kundi lake, yumo kwenye kwantaili ya 0.9, lakini katika orodha ya wote amepitwa na watu wanne. Regresheni ya kwantaili, kama tulivyoifanya, inapanga watu ndani ya kundi la wanaofanana nao kwa sifa tulizoziweka upande wa kulia. Kila sifa unayoongeza, umri, jinsia, kazi, inabadilisha makundi, na hivyo inabadilisha maana ya “chini”. Ukiwa na sifa sita upande wa kulia, kwantaili ya 0.1 ni watu wanaopata kidogo kuliko mtu wa umri wao, elimu yao na kazi yao angetarajiwa kupata, na miongoni mwao wamo madaktari.

Kinachosemwa na zile namba tano, kutoka 2 hadi 75, ni kwamba vipato vya waliomaliza chuo kikuu vimetawanyika kuliko vya walioishia sekondari. Hilo ni jambo zito, na wastani peke yake usingeweza kulisema, kwa kuwa wenyewe ungetoa 26 ileile hata kama kila msomi angepata 26 zaidi ya mwenzake wa sekondari. Anayetaka kujua ukosefu wa usawa ndani ya kundi linalofanana, hapa amepata chombo chake. Anayetaka kujua maskini wa nchi nzima watapata nini elimu ikiongezeka, ameuliza swali jingine.

Swali hilo jingine lina njia yake, waliyoieleza Sergio Firpo, Nicole Fortin na Thomas Lemieux mwaka 2009, na wazo lake linaonekana kwenye orodha yetu. Mediani ya wote ni 17. Kati ya walioishia sekondari, wanne kwa watano wako chini ya 17; kati ya waliomaliza chuo kikuu, mmoja kwa watano. Wachache wakihama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, idadi ya walio chini ya 17 itapungua, na mediani italazimika kupanda. Itapanda kiasi gani? Hilo linategemea watu walivyosongamana karibu na 17: wakisongamana, kusogea kidogo kunatosha kuwapita wengi, wakiwa wametawanyika, ni lazima kusogea mbali. Kwa hiyo tofauti ya idadi hugawanywa kwa msongamano huo, nao ni lazima ukadiriwe, na hapo ndipo njia hii huponza kwenye takwimu za kipato. Watu hutaja vipato kwa namba za mviringo, msongamano unakuwa na vilima vya uongo, na jibu linayumba ukibadilisha upana wa eneo unalotumia kuukadiria. Jaribuni upana wa aina mbili au tatu kabla ya kuandika neno lolote.

Mkidhani nabishania maneno, waandishi hao watatu walizilinganisha njia zote mbili kwa mishahara ya wanaume wa Marekani ya miaka ya 1980, wakiuliza chama cha wafanyakazi kinaongeza nini. Ndani ya makundi yanayofanana, nyongeza ilikuwa chanya kote, ikipungua kadiri kwantaili inavyopanda. Katika mgawanyo wa wote, ilianza kwa kupanda, kisha ikashuka, na kwenye kwantaili ya 0.9 ikawa hasi. Takwimu zilezile, swali linalofanana kwa sikio, na alama imegeuka.

Muda unanitupa, kwa hiyo haya yaliyobaki nayasema kwa haraka. Kwanza, hata ile 2 ya chini haimaanishi kwamba mwenye 10 angesoma chuo kikuu angepata 12. Huenda angekuwa yeye ndiye mwenye 93. Kusema angebaki nafasi ileile ni dhana, na iandikwe kuwa dhana. Pili, logarithi: kwantaili ya logarithi ya kipato ni logarithi ya kwantaili ya kipato, hivyo mnaweza kurudi kwenye fedha bila kupoteza kitu, wakati wastani wa logarithi mkiurudisha unawapa kitu kidogo kuliko wastani wenyewe. Wenye kipato cha sifuri hawana logarithi, nao msiwatupe kimyakimya. Mkiwa na R, kazi yenyewe ni mistari mitatu:

```
library(quantreg)
m <- rq(log(kipato) ~ elimu, tau = c(0.1, 0.5, 0.9), data = d)
summary(m, se = "boot")
```

Tatu, mistari ya kwantaili mbalimbali hukadiriwa kila mmoja peke yake, na hakuna kinachoizuia isikatane. Mkiona mstari wa 0.8 umepita juu ya ule wa 0.9 pembeni, mahali penye watu wachache, msiupake rangi. Ni dalili kwamba hapo mmechora mbali kuliko takwimu zinavyofika, au kwamba mstari mnyoofu haufai.

Nilikuwa na jambo la nne, makosa sanifu kwenye ncha za mgawanyo, na nilikuwa nalo mwaka jana vilevile. Mwenyekiti ameshainua karatasi.