Barua kwa Aliyepata 58

Walimu wenzangu, mliponiomba nizungumzie mwanafunzi anayeanguka kwa alama mbili, niliona heri niwasomee barua niliyomwandikia mmoja wao. Alifanya mtihani wa Goethe wa Kijerumani, ngazi ya B1. Sehemu zake ni nne, kila moja ina alama 100, na kufaulu ni 60. Alifaulu kusoma, kusikiliza na kuzungumza. Kuandika akapata 58. Aliponijia alikuwa amekwishanunua kitabu kipya cha sarufi.

Nilimwandikia hivi:

"Mwanangu, kitabu hicho kiweke kwanza. Jioni ya mtihani nilikuomba uandike tena kwa kumbukumbu yale uliyoyajibu, na karatasi hiyo ninayo mbele yangu. Barua pepe ya kwanza, kwa rafiki, ilikutaka ufanye mambo matatu: ueleze sherehe ilivyokuwa, useme zawadi ipi ilikufurahisha na kwa nini, kisha upendekeze siku ya kukutana. Sherehe umeieleza vizuri sana. Zawadi pia. Pendekezo halimo. Uliombwa maneno kama 80, nawe umeandika zaidi ya 150, karibu yote ya sherehe."

Hapa nilisimama nikampigia hesabu, nanyi nifuateni. Swali lile lina alama 40 kwa vigezo vinne: kutimiza swali, mtiririko, msamiati na sarufi. Kila kigezo kina alama 10, na kushuka daraja moja, kutoka A hadi B, ni kupoteza 2.5. Aliyejibu vema mambo mawili kati ya matatu hupewa B kwenye kutimiza swali, hata Kijerumani chake kikiwa safi. Yeye alipungukiwa na 2. Sikuziona alama za watahini, na huenda alipoteza kwingine pia, ila pengo hili linaonekana kwa macho. Sentensi mbili za pendekezo zingeliziba.

Barua inaendelea:

"Sarufi yako ina makosa, hasa kitenzi kinachopaswa kwenda mwisho wa kishazi tegemezi. Lakini hilo ni kazi ya miezi, na lingine ni kazi ya dakika mbili. Kabla ya kuandika, nakili vitenzi vya swali pembeni: eleza, toa sababu, pendekeza. Kila kimoja kipe sentensi mbili au tatu, kisha ukikate kwa kalamu. Kikibaki kisichokatwa dakika ya 15, acha ulipo ukakiandike. Swali hilo lina dakika 20 tu katika saa nzima. Ukizidisha, unaiba muda wa maswali mawili yanayofuata.

Utarudia kuandika peke yake. Zile sehemu tatu ulizofaulu hazifutwi. Jumanne njoo na karatasi tupu. Nitakupa swali usilolijua, na saa nitaiweka mezani."

Alikuja. Kabla ya kuandika neno lolote, alivinakili vile vitenzi vitatu pembeni.