Funga oda kabla hujaweka sufuria

Jamani, nshalisema hili na leo nalirudia, posti ya chakula bila saa ya kufunga oda inawatamanisha watu tu, haileti biashara. Ngojeni niwape kisa changu cha Ijumaa moja hapa Kibokoni.

Niliweka biriani ya kuku kwenye stetasi, picha safi, chini nimeandika "karibuni inboksi", basi. Bei sijaweka, saa sijaweka. Kufika Alhamisi usiku nina oda kumi na moja. Nikabahatisha, nikaroweka kuku wa kilo tatu za mchele, na kilo moja kwangu hutoa sahani nane, kwa hivyo ishirini na nne. Ijumaa saa tano watu wanajiandaa kwenda msikitini ndo meseji zikaanza, zikaja kumi na saba zingine! Sahani nne sina. Sa utafanyaje, kuku wa biriani anataka alale na mtindi, thomu na tangawizi, huwezi kumroweka saa tano ukampakua saa saba. Nikaongeza maji kwenye masala, na waliolipa mapema ndo wakala ile nyepesi. Bodaboda naye akaenda Nyali mara mbili, kwa sahani moja moja, faida yote ikaishia darajani.

Kwa hivyo saa ya kufunga ifuate jikoni. Biriani ya Ijumaa nafunga Alhamisi saa tatu usiku kabla sijaroweka, wali wa nazi na samaki wa kupaka nafunga saa tatu asubuhi kabla sijatuma mtu sokoni. Na iandikeni juu ya picha yenyewe pamoja na bei na mitaa mnayofika, manake watu hutumiana picha na maneno ya chini hupotea.

Najua kuna mtu hapo anasema nikifunga nitapoteza kastoma. Mama, yule wa saa tano mjibu vizuri, "leo zimefungwa, nikuwekee ya kesho?" Wangu wengi husema weka. Ukimkubalia leo basi Ijumaa ijayo atakuja saa sita.

Lingine, stetasi hukaa saa ishirini na nne. Ukiposti Alhamisi asubuhi saa mbili, Ijumaa asubuhi bado kuna mtu anaiona na anaagiza. Ikifika saa tatu usiku ifute, weka "oda zimefungwa".

Meseji nazo, kwenye WhatsApp Business tengeneza jibu la haraka, ukiandika `/oda` linatokea hili:

```
Jina:
Sahani ngapi:
Mtaa na alama ya karibu:
Pilipili ndio/hapana:
```

Halafu M-Pesa, na jina halingii daftarini mpaka pesa iingie, hata akiwa shoga yako. Nikishafunga nayapanga majina kwa mtaa, Tudor pamoja, Nyali pamoja, bodaboda anaenda mara moja.

Ya kupiga picha nilitaka kuwaonyesha lakini naona muda umekwisha, pigeni mchana karibu na dirisha, flashi zimeni. Haya, nani ana swali?