Deni lisiloonekana kwenye hati ya mshahara

Ndugu wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo, mwenyekiti ameniomba nizungumze kuhusu madeni. Takwimu mmeshazisikia asubuhi, kwa hiyo mimi nitawapa hadithi. Nimeitunga mwenyewe, ila kila mmoja wenu atadhani namsema jirani yake.

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Morogoro, tumwite Baba Neema, alikuwa akipokea 620,000 mkononi kila mwezi. Nyumba yake ilikuwa imefika usawa wa kupaua, na masika yalikuwa yanakaribia. Benki ilimkatalia, kwani mshahara ulishakatwa hadi kubaki theluthi moja, na sheria hairuhusu kukatwa zaidi. Akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, hawa tunaowaita kausha damu. Alipewa 800,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Akaacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri, akatia sahihi karatasi iliyosema ameuza kochi, friji na televisheni. Mkopo wenyewe haukutajwa mahali popote kwenye karatasi ile.

Tuliangalie hilo vizuri. Mkopo wa benki huonekana kwenye hati ya mshahara, na mke akiisoma ataukuta. Huu wa mtaani hauonekani popote. Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni ya daraja la pili. Kwa nini mtu mwenye hesabu zake kichwani akubali 20? Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya ile riba ni bei ya siri. Mkopeshaji hakuulizi mwenza wako anasemaje, na hiyo ndiyo bidhaa anayouza.

Tarehe ya mshahara, yule bwana hutangulia kwenye mashine, hutoa zote, hubakiza 160,000 yake na kumkabidhi mwalimu 460,000 kwenye bahasha. Ile 160,000 ni riba tupu, deni halijaguswa. Baada ya miezi saba alikuwa amelipa 1,120,000 na bado anadaiwa 800,000 zilezile. Nyumbani alisema makato yameongezeka. Pengo akaliziba kwa mkopo wa programu ya simu: deni 150,000, zilizomfikia 110,000, siku saba. Kwa mwalimu mwenzake akachukua 200,000. Dukani kwa Mangi kukawa na 95,000 za unga, mafuta na sabuni. Simu ikawa inalazwa kifudifudi mezani, na ikiita anatoka nje. Wenye ndoa mnajua watu walivyoanza kufikiri.

Siri ilipasuliwa na ile programu. Alipoipakua aliiruhusu isome majina yote kwenye simu yake, basi siku ya tisa shemeji yake akapokea ujumbe kwamba Baba Neema ni tapeli, amwambie alipe. Shemeji alimpigia yeye mwenyewe, si dada yake. Akasema, "Shem, nakupa mpaka Jumapili. Mwambie mwenyewe."

Jumamosi usiku watoto walipolala, alichana karatasi ya daftari akaandika kila deni na anayedai. Alipofika jumla, 1,245,000, akamsogezea mkewe. Mama Neema alisoma kimya, akarudi juu, akasoma tena.

"Nilidhani una mwanamke," alisema. Kisha: "Kadi iko wapi?"

"Kwa mkopeshaji."

"Na namba ya siri?"

Hakujibu. Mama Neema akaenda kulala chumba cha watoto, na huko akakaa wiki nzima. Msidhani alikumbatiwa.

Lakini Jumatatu walikuwa benki pamoja. Kadi ikafungwa, ikatoka mpya yenye namba mpya. Kutoka hapo wakaja kwenye chama kama hiki. Fomu ilitaka sahihi ya mwenza, na sasa mwenza alikuwepo. Kwa kuwa mshahara hauruhusiwi kukatwa zaidi, marejesho yakapangwa yatoke kwenye genge la Mama Neema na kwenye zile 160,000. Walikopa 800,000 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ikihesabiwa kwenye salio, kwa miezi kumi. Rejesho la kwanza lilikuwa 92,000, la mwisho 81,200. Riba yote 66,000, haifiki hata nusu ya ile aliyokuwa akilipa kwa mwezi mmoja.

Mkopeshaji alipewa 800,000 zake mbele ya mjumbe, na ile karatasi ya kochi ikachanwa hapohapo. Aligoma kwanza, akidai riba ya mwezi uliokuwa unaendelea, mpaka mjumbe alipomwomba aonyeshe leseni.

Zikabaki zile ndogo. Baba Neema alitaka waanze na ya programu, kwa sababu ya zile jumbe. Mama Neema akakataa. Wakaanza na Mangi, kwa sababu Neema ndiye aliyekuwa akitumwa dukani.