Baba amevundika sabuni: mtoto anaposimulia asichokielewa

(Mhadhara nilioutoa Moshi mjini kwa kikundi cha watu wanaoandika hadithi fupi. Nimeuandika kama nilivyouongea, vikohozi tu ndo nimetoa.)

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Nimeambiwa niongee kuhusu wasimulizi, ila wasimulizi wako wa aina nyingi na mkinipa wote tutalala hapa, kwahiyo nachukua mmoja tu, mtoto. Na sio mtoto yeyote, ni yule anayesimulia mambo ya wakubwa akiwa hayaelewi, halafu wewe msomaji unayaelewa. Tutatumia tukio la huku kwetu, msako wa wahujumu uchumi wa 1983, maana lina kila kitu.

Kwa vijana ambao hamjasimuliwa nyumbani: mpaka na Kenya ulifungwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Katikati hapo ikaja vita ya Kagera, nchi ikaishiwa, sabuni, sukari na mafuta ya kula vikapotea madukani, watu wakawa wanafulia majani ya mpapai. Sasa sisi wa huku Taveta si hiyo hapo, watu wakawa wanavuka usiku upande wa Holili wanarudi na mizigo. Machi 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanzisha msako wa walanguzi na wahujumu, na watu kwa hofu wakaanza kumwaga mali zao mitaroni, wengine mtoni, wengine wakachimba mashimo wakafukia. Kukutwa na sabuni nyingi ndani ilikuwa kesi.

Ukimpa mtu mzima asimulie hayo, ukurasa wa pili tu ashaanza hotuba, atakuambia serikali ilikosea au serikali ilipatia, na msomaji naye ataanza kubishana badala ya kuona. Mtoto hana upande. Ana shida zake nyingine kabisa, na hizo shida zake ndo utambi wa hadithi.

Kwahiyo kabla hujaandika sentensi hata moja ya mtoto, kaa chini uandike ukweli wa wakubwa, kwenye karatasi ya pembeni ambayo hakuna mtu ataisoma. Wa kwangu huu hapa. Familia iko Rombo. Baba mdogo anavusha sabuni kutoka Taveta, baba anamtunzia na wanagawana faida. Msako unatangazwa, baba anaogopa, anafukia sabuni kihambani. Balozi wa nyumba kumi anapata habari, anaripoti, baba anachukuliwa. Mama hajawahi kuipenda hiyo biashara toka mwanzo. Basi, mistari mitano. Hiyo karatasi usipokuwa nayo mtoto wako atakuwa haelewi na wewe pia hujui, ndo unakuta hadithi ya ukungu mtupu mtu anaita fasihi.

Halafu ndo unamuuliza mtoto, yeye anadhani nini? Hapa wengi wanateleza. Wanadhani kutoelewa ni kuwa tupu, mtoto anakodoa macho tu. Hapana, mtoto wa miaka saba ana maelezo kamili ya kila kitu, yana mantiki yote, ila yamejengwa na vitu anavyovijua yeye. Huyu binti wa Rombo kashaona baba yake anachimba shimo, anatandika majani makavu ya migomba, anapanga ndizi, anafunika, baada ya siku kadhaa zimeiva zinaenda kwenye mbege. Sasa usiku anaona baba yuleyule, majani yaleyale, ila safari hii ni sabuni. Atafikiri nini? Baba anavundika sabuni. Hajakosea huyo, katumia akili kabisa!

Nawasomea:

"Baba mdogo alikuja na gunia, miguu yake imejaa tope. Jioni redio ilikuwa inaongea kwa ukali, ikasema wahujumu watakamatwa wote, nikamuuliza mama wahujumu wanakaa wapi, akasema kula ugali wako. Usiku baba akachimba kule tunakovundikaga ndizi. Mimi nilishika koroboi. Akatandika majani, akapanga miche ya sabuni, akafunika. Nikamuuliza zitaiva lini, akasema nenda kalale. Asubuhi mama akanituma nikachume majani ya mpapai tufulie, kumbe sabuni bado."

Angalieni habari za wakubwa zimepitia wapi. Redio imesema neno lenyewe, mtoto kalirudisha kama alivyolisikia. Mama kakwepa swali. Na yale majani ya mpapai ndo nayapenda zaidi, nyumba ina gunia zima la sabuni chini ya migomba na bado wanafulia majani, kwanini? Kwasababu ukienda kufua mferejini na povu jingi jirani ataona. Mtoto hajui hilo, anajua tu sabuni hazijaiva. Msomaji anaijua hofu ya mama bila mtu kuandika neno hofu.

Kitu kingine, mtoto amefikaje pale. Nasoma miswada mingi ambayo mtoto kila saa kajificha nyuma ya mlango anasikiliza, mpaka unajiuliza hiyo nyumba ina milango mingapi. Huna haja. Kwetu mtoto anatumwa! Shika taa, leta maji, mpelekee mgeni kiti, ita mama yako. Mtoto wa kutumwa yuko katikati ya kila kikao na hakuna anayemhesabu, wakubwa wanaongea juu ya kichwa chake kama hayupo. Mpe kazi mkononi, atakuwepo kihalali.

Na mpe kitu anachokitaka. Huyu wangu anataka gauni lake lifuliwe na sabuni ya kweli kabla ya Pasaka. Nilienda kuangalia kalenda, Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 3 Aprili, yaani msako umepamba moto wiki hiyohiyo. Kwahiyo haraka ya mtoto na hatari ya baba vinakimbizana bila mtoto kujua. Sikia:

"Jumapili ya Matawi balozi akaja kunywa mbege. Baba hakuwepo. Nikampelekea kata. Akaniuliza gauni la Pasaka lipo? Nikasema lipo ila chafu, tunasubiri sabuni ziive. Akasema sabuni gani mwanangu. Nikasema zile za baba, kazivundika. Akacheka. Akasema ziko nyingi? Nikahesabu vidole vyangu vyote, nikarudia, nikarudia tena. Akanishika kichwa akasema wewe una akili sana. Hakumaliza mbege, akaondoka. Nikaimalizia mimi."

(Hapo ukumbi uliguna, nikasubiri kidogo.)

Sasa mmeguna kwanini, maana hakuna kibaya kilichotokea hapo. Mtoto kasifiwa, kapata mbege ya bure, kwake ni Jumapili nzuri kuliko zote. Nyie mmeguna kwasababu ya ile kata iliyobaki, mzee wa Kirombo haachi mbege nusu bila sababu. Kuna mwandishi hapo angeongeza "uso wa balozi ukabadilika, nikahisi kuna jambo". Futa hiyo. Mtoto akishaanza kuhisi kuna jambo kashakuwa mtu mzima kafupi, na msomaji anasikia mkono wa mwandishi unamgusa bega unamwambia ona, ona. Ukitaka msomaji ajue, acha kitu mezani, mtoto akione kama kitu tu.

Kosa la upande wa pili ni kumfanya mjinga ili watu wacheke. Mtu ataniambia baba si atapelekwa gereza la Karanga, basi mtoto abaki anasubiri karanga. Utapata kicheko, sikatai, ila msomaji atakuwa anacheka na wewe mwandishi, mtoto ushamwacha njiani. Kosa la sabuni limetoka kwenye maisha yake, la karanga limetoka kwenye kichwa chako.

Umri uuchunge. Miaka minne hawezi kushika mfululizo wa siku, kumi na moja kashajua magendo ni nini na pengine kashapewa kipande cha sabuni apeleke kwa shangazi kimyakimya. Saba au nane ndo tamu, anahesabu, anakumbuka maneno, ila hajui sheria za wakubwa.

Halafu mwisho wa kisa, Jumanne, Landrova imekuja:

"Walikuwa wanachimba upande sio, kwenye migomba ya ng'ombe. Nikawaonyesha. Zilikuwa bado ngumu vilevile, nikamwambia baba si ungewaambia wasubiri. Baba akaniangalia hakusema kitu. Wakapakia gunia, wakampakia na baba."

Hapo mnaona kwanini nimemchagua mtoto. Mtu mzima asingeweza kuonyesha shimo bila kuwa msaliti. Mtoto kaonyesha kwa upendo kabisa, na uzito wote umebaki kwa msomaji maana ndo peke yake anayejua.

Tatizo moja la kweli la njia hii ni msomaji asiyejua. Wazee waliopo hapa walijua toka redio ilipoongea, lakini kijana aliyezaliwa 2005 anaweza kufika mwisho anadhani ni hadithi ya sabuni. Dawa yake ni kujaribu kwa mtu. Mpe kijana asome bila maelezo, muulize maswali mawili tu, nini kimetokea, na ulijulia wapi. Akisema alijua aya ya kwanza, umefafanua sana, punguza. Akifika mwisho hajui, ongeza kitu kimoja, sio maelezo. Mimi ningeongeza jirani anamwaga sukari mferejini usiku na asubuhi mtoto anaenda kuonja maji. Kijana atajiuliza, nani anamwaga sukari wakati hakuna sukari? Ashaingia.

Na urefu jamani. Kurasa kumi inapendeza, riwaya nzima ya kutoelewa inachosha, msomaji anamzidi mtoto kwa muda mrefu mno anaanza kumkasirikia. Kama unataka riwaya basi akue ndani yake, aelewe kidogokidogo na lugha yake ibadilike.

Maswali. Ndio mama, wewe wa kitenge cha kijani.

(Mama akauliza: mwanangu, huyu binti akikua si ataelewa? Kwanini usimwache aseme mwishoni kwamba baadaye nilijua?)

Ataelewa mama, lazima. Lakini ukiweka hiyo sentensi ya "baadaye nilijua" umemnyang'anya msomaji kazi aliyoifanya toka mwanzo, amebeba siri kurasa nane halafu mwishoni unamwambia tupe tuibebe. Kama unachotaka kuandika ni majuto ya mama wa miaka arobaini na kitu aliyemchongea baba yake, sawa, ni hadithi nzuri pia, ila anzia huko toka mstari wa kwanza na badilisha vitenzi vyote. Mkubwa atasema walimkamata baba. Mtoto anasema walimpakia. Ukichanganya hivyo viwili kwenye ukurasa mmoja sijui tena naongea na nani. Haya, maiki ipelekeni kule nyuma kwa yule kijana.