Mkato Kwenye Mstari wa Uhai: Namna ya Kuupima

Ndugu zangu, mbukwenyi. Nimeombwa nizungumzie alama za kiganjani: nyota, misalaba, visiwa, mikato na minyororo. Nitakaa zaidi kwenye mkato wa mstari wa uhai, kwa sababu ndio unaowakosesha watu usingizi.

Mstari huu unaanzia kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, unazunguka ile nyama nene ya chini ya gumba na kushuka kuelekea kifundo cha mkono. Cheiro, msoma viganja maarufu aliyezaliwa Ireland mwaka 1866, alifundisha kwamba mstari ukikatika kushoto na kuungana kulia ni tishio la ugonjwa mkubwa, na ukikatika mikono yote miwili kwa kawaida ni kifo. Watu wameishika ile sehemu ya mwisho, nami naikataa kabisa. Mikunjo mikubwa ya kiganja hujitokeza mtoto akiwa bado tumboni, kwenye miezi ya mwanzo ya mimba. Siwezi kuutazama mkunjo wa namna hiyo nikamtajia mtu siku ya kufa, na yeyote anayekutajia siku hiyo, vuta mkono wako, uondoke.

Mkato wenyewe tunaupimaje? Nichukue mkono wa mama mmoja, mkulima wa zabibu wa huku kwetu, aliyekuja kwangu akiwa ameshaambiwa mtaani kwamba hatafika uzeeni. Mkono wake wa kulia ulikuwa na pengo katikati ya mstari, upana wa kama punje ya mchele. Kwanza nilimwomba anawe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu kiganja cha mkulima kina sugu, na kiangazi chetu hiki kinapasua ngozi. Ufa uliojaa vumbi unaweza kuonekana kama mstari, na sugu inaweza kuufunika mstari ukadhani umekatika. Kisha nikamkalisha dirishani, mwanga uingie kwa ubavu, vidole vikiwa vimelegea. Ukivinyoosha kwa nguvu, mikunjo mizima huonekana imekatika.

Baada ya hapo nikashika lenzi. Hapa ndipo wengi hukosea. Ngozi ya kiganja ina vijistari vidogo sana, sawa na vile vya alama za vidole. Mkunjo ukiishia wenyewe, vijistari hivyo hupita kwenye pengo bila kukatika. Pengo la mama huyu lilikuwa laini, linang'aa, na vijistari viliishia ukingoni pande zote mbili. Hilo ni kovu. Nikamuuliza, akakumbuka kisu cha kupogolea kilichomchoma miaka ya nyuma. Alichotishiwa nacho mtaani kilikuwa jeraha la shambani.

Tufanye sasa kwamba lingekuwa pengo la asili. Ningeangalia mkono wa pili: alama iliyopo mkono mmoja tu huwa naipa uzito mdogo. Halafu ningeangalia ncha mbili za mkato. Zikipishana, moja ikianza kabla nyingine haijaisha, usomaji wa kawaida ni badiliko la maisha, kama kuhama au kuanza kazi mpya. Ukikuta mraba umelizunguka pengo, au mstari wa Mirihi ukishuka sambamba kwa ndani, wasomaji huuita ulinzi. Na umri? Ukiugawa mstari kwa miaka 70, katikati yake ni 35. Ukiugawa kwa 100, ni 50. Alama ni ile ile, tofauti miaka kumi na mitano. Kwa hiyo tarehe ndiyo kitu cha mwisho ninachokiamini.

Alama nyingine zipimwe kwa ukali huo huo. Msalaba ni mistari midogo miwili inayojitegemea, iliyokatana. Mahali mistari mikubwa inapokatana si msalaba. Nyota inahitaji angalau mistari midogo mitatu ikutane penye nukta moja. Kisiwa, yaani pale mstari unapogawanyika na kuungana tena, husomwa kama kipindi cha udhaifu, nacho kina mwanzo na mwisho. Mnyororo ni visiwa vilivyofuatana, lakini ukienea mstari mzima, hiyo ni tabia ya mstari huo kwa mtu huyo. Usiusome kama tukio.

Hata hospitalini, mkunjo mmoja unaovuka kiganja chote ni miongoni mwa dalili zinazoangaliwa kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na hali ya Dauni, lakini daktari hatoi uamuzi kwa mkunjo huo peke yake, maana watu wazima wenye afya njema nao wanao. Msoma kiganja hana ruhusa ya kuwa mwepesi kuliko daktari.

Wino na karatasi viko mezani pale. Chapeni viganja vyote viwili, andikeni tarehe na mkono mnaoutumia kwa kazi, kisha tuanze na wale wenye makovu.