Arubuni si amana: pesa yako ya kiwanja inakaa kwa nani?

Assalam aleikum jamaa zangu. Hamjambo Shela, hamjambo Maweni, Barani, Muyeye, Kisumu Ndogo, na nyinyi mlioko Lamu msiseme nimewasahau. Leo nazungumza kwa sauti ya chini, mtanivumilia. Bibi ninayemtunza amelala chumba cha pili, na akiamka video imekwisha.

Tangu niliposema hapa kwamba nimerudishiwa pesa yangu ya kiwanja cha Msabaha, naulizwa swali lile lile: dada, ulirudishiwaje? Maana sisi twajua, pesa ya kiwanja ikishatoka haina njia ya kurudi. Na kweli, mwaka 2019 mimi mwenyewe nilituma laki nne na nusu kwa dalali mmoja, mjomba wangu akiwa shahidi, na mpaka leo nina risiti ya daftari yenye neno "arubuni" na sahihi isiyosomeka. Kiwanja kilikuwa cha watu. Hiyo tuiache hapo.

Tofauti ya mara ile na mara hii haikuwa bahati, wala si kwamba muuzaji wa pili alikuwa mtu mwema zaidi. Ilikuwa neno moja ndani ya mkataba.

Nyinyi mwajua arubuni. Unampa mwenye mali fedha kidogo asiuze kwa mwingine. Ikishaingia mkononi mwake ni yake, ataila, atalipa karo, atanunua mabati. Mambo yakiharibika, una haki ya kumdai, lakini unamdai mtu ambaye pesa ameshaila. Amana ni kitu kingine kabisa. Amana ni mali ya mtu uliyowekewa, huigusi, na unaitoa kwa sharti uliloambiwa. Watu wa benki na mawakili huiita eskro, lakini jambo lenyewe wazee wetu walilijua kabla ya benki. Mtu wa tatu anashika fedha. Muuzaji hazipati mpaka atimize aliyoahidi, na mnunuzi hawezi kuzichomoa akibadili nia tu.

Huku Italia niliona kwa macho. Mtoto wa huyu bibi aliuza nyumba yao ya zamani, na mnunuzi hakumpa yeye zile pesa. Alimpa notari, yule ofisa wa sheria anayeandikisha mauzo. Tangu 2017 sheria ya hapa inamruhusu mnunuzi kumtaka notari azishike bei zote katika akaunti ya peke yake, mpaka uhamisho uandikishwe kwenye rejista na ionekane nyumba haina deni lililojitokeza katikati. Mwenye nyumba alinung'unika wiki nzima, lakini akangoja.

Kwetu Kenya hakuna notari wa namna hiyo. Benki kadhaa zina akaunti za eskro, ila kwa kiwanja cha bei ya kawaida, mwekwa amana huwa wakili. Basi nikapata kiwanja Msabaha, robo eka, shilingi 1,800,000, taito ipo, sachi ya rejista ya ardhi ikatoka safi kwa jina la muuzaji. Asilimia 10 inatangulia, yaani 180,000. Wakili wa muuzaji akaleta mkataba. Ngoja niwasogezee karatasi, majina nimeyafunika. Mwaona kifungu cha 3? Kilipoletwa kilisema fedha za mwanzo zitalipwa kwa wakili wa muuzaji "kwa niaba ya muuzaji".

Hapo ndipo wengi hupitiwa, kwa sababu tunaona neno wakili tunatulia. Wakili anayepokea kwa niaba ya muuzaji ni mkono wa muuzaji tu. Akipokea saa nne, saa tano ana haki ya kumkabidhi mteja wake, na hajavunja lolote. Ile ni arubuni iliyovaa suti. Nikamwambia wakili wangu kifungu kisomeke hivi: wakili wa muuzaji atazishika kama amana ya pande zote mbili, katika akaunti ya wateja, na hatampa yeyote mpaka masharti yatimie. Kwa maneno hayo, yule yule mtu, akaunti ile ile, ana wajibu kwangu pia.

Akaunti ya wateja, jamani, si akaunti ya jina lake. Kanuni za mawakili zinawataka watenge fedha za wateja mbali na za ofisi. Ukitumiwa namba ya akaunti yenye jina la mtu binafsi, simama hapo hapo. Na namba ikibadilika ghafla kwa barua pepe, ati "benki yetu inakaguliwa, tuma huku", piga simu kwa ile namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si iliyo kwenye barua hiyo. Watu wamepoteza bei nzima kwa ujanja huo, na wakili naye hana habari.

Muuzaji akakasirika. Akasema sasa nauza nini ikiwa sioni hata senti? Na ana haki kidogo, alikuwa na deni la kodi ya kiwanja kwa kaunti, na bila kulilipa hapati cheti cha kuonyesha hana deni, na bila cheti uhamisho hauandikishwi. Nikakubali 40,000 zitolewe mapema. Nilitaka zilipwe kwa kaunti moja kwa moja. Mjomba akasema mwanangu usimtie mtu aibu, mpe alipe mwenyewe. Nikampa. Kumbukeni hiyo 40,000.

Zikabaki 140,000 kwenye amana. Ile salio kubwa, 1,620,000, haikutoka Italia. Mpango ulikuwa hivi: idhini ya bodi ya ardhi ikipatikana, naituma kwa wakili wangu mimi, naye akishaziona anamwandikia mwenzake barua ya ahadi ya kiwakili kwamba ndani ya siku 14 tangu kiwanja kuandikishwa kwa jina langu, atalipa. Barua hiyo si maneno ya adabu. Wakili akiivunja mahakama inaweza kumlazimisha yeye binafsi, ndiyo maana hakuna wakili mwenye akili anayeiandika kabla fedha hazijafika. Kwa barua hiyo muuzaji anaweza kuachia taito bila kuogopa.

Na angalieni neno "kuandikishwa". Mkataba ukisema fedha zitoke "hati zikikabidhiwa", basi karatasi zikifika mezani pesa imekwenda, hata kama msajili atazikataa kesho. Mimi nilitaka ushahidi uwe sachi mpya yenye jina langu.

Sasa, kiwanja kile kiko kwenye ardhi ya kilimo. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na bodi inataka kujua mke anasemaje. (Na wale mlioolewa na Waitaliano mnaonunua kwa jina la mume: asiye raia kwa kawaida bodi haimpi idhini ya ardhi ya kilimo, kwa hiyo mtakuwa mnaweka amana kwa sharti lisilotimia.) Mkataba tulitia sahihi tarehe 3 Machi, siku 90. Aprili bodi haikukaa. Mei ikakaa, na akatokea mke mkubwa ambaye hatukuwahi kuambiwa habari zake, akasema yeye na watoto wake wanalima pale na hakubali. Wallahi mimi simlaumu yule mama. Bodi ikakataa.

Sheria inasema bila idhini mkataba wa ardhi ya kilimo unabatilika, na fedha zilizolipwa zinadaiwa kama deni. Vizuri. Lakini muuzaji hakusema hapana, alisema nipeni miezi mitatu niongee na mke wangu, msirudishe kitu. Hapa ndipo amana nyingi hukwama, na sikujua mpaka wakili wangu aliponieleza. Mshika amana hana ruhusa ya kuamua nani mkweli. Mmoja akisema rudisha na mwingine akisema ngoja, yeye akitoa kwa upande mmoja anaweza kushtakiwa na wa pili, kwa hiyo anakaa kimya, au anazipeleka mahakamani. Pesa haijaliwa, lakini nawe huipati, mwaka, miwili.

Kilichoniokoa ni kifungu cha 7, ambacho nilikuwa nimekiona cha kuudhi kwa urefu wake. Kinasema idhini isipopatikana ndani ya siku 90, kwa sababu yoyote, mshika amana atarudisha kwa mnunuzi ndani ya siku 14, bila kungoja ridhaa ya muuzaji, akionyeshwa barua ya bodi au kukosekana kwa idhini siku ya 90. Siku ya 90 ilikuwa tarehe 1 Juni. Wakili wa muuzaji akamwambia mteja wake mbele ya mjomba: mimi nimefungwa mikono na karatasi uliyotia sahihi. Tarehe 10 Juni zikaingia.

Nimeona mnauliza, je, hiyo inazuia kuuziwa kiwanja bandia? Hapana. Amana inatazama masharti mliyoandika, basi. Masharti yakitimia, pesa inatoka hata kama ardhi yenyewe ilipatikana kwa wizi zamani. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwenye shauri la kiwanja cha Nyali kule Mombasa, ilisema kuwa na taito peke yake hakutoshi ikiwa ugawaji wa mwanzo haukuwa halali, hata kama ulinunua kwa nia njema. Kwa hiyo sachi haitoshi. Fuatilieni ardhi ilitoka wapi mpaka kwa mwenye kwanza, na mpima aende akaonyeshe bikoni za mipaka, kabla ya kuweka amana, si baadaye.

Na wale wanaotumia wakili mmoja kwa pande zote ili kuokoa ada, tena wakili aliyeletwa na dalali: hapo hakuna mtu wa tatu. Hakikisheni kwanza kwa Chama cha Mawakili kwamba mtu huyo ana leseni ya mwaka huu. Hata akiwa nayo, mkigombana atasimama wapi? Mkiwa na shaka kabisa, mawakili wawili wanaweza kufungua akaunti ya pamoja, isiyotoa hata shilingi bila sahihi zote mbili. Kwa bei kubwa ina maana, kwa 140,000 makaratasi yangenila mimi.

Haya, bibi anakohoa, ameamka.

Ile 40,000? Alilipa kaunti 12,000, zilizobaki alizitumia. Mkataba unasema azirudishe zote, na mjomba huenda kwake kila Ijumaa baada ya sala. Tumepata 25,000. Juzi alisema ngoja maembe yauzwe.