Pima mchele, pima wali, ujue wanga ulio kwenye sahani

Haya, karibuni jikoni. Leo ni wali, na video hii ni ya wale wanaohesabu wanga, hasa mnaodunga insulini kulingana na chakula. Mizani hizi ninaziuza, sikatai, lakini yoyote inayosoma gramu na kubeba kilo tano itafanya kazi.

Geuza pakiti. Hii ni pishori ya Mwea, na lebo inasema gramu 78 za wanga kwa kila gramu 100. Hizo ni gramu za mchele mkavu, kama ulivyo kwenye pakiti. Ukinunua wa kupimiwa kule Nyamakima hupati lebo, kwa hivyo tumia 78 au 80, hutakosea sana.

Kabla ya kitu kingine chochote, sufuria tupu juu ya mizani. Bila kifuniko, bila mwiko. Yangu ni gramu 640. Iandike! Msitegemee kile kitufe cha kurudisha sifuri, maana mizani hujizima yenyewe ukiiacha, na wali ukiiva sifuri yako imeshapotea. Andika kwenye karatasi, kwenye mkono, kwenye ukuta ukitaka.

Sasa mchele, gramu 400, upimwe kabla ya kuosha. Ukishaosha, maji yanashikilia punje na utakuwa unapima maji. 400 mara 78, gawanya kwa 100, ni gramu 312 za wanga. Hiyo ndiyo jumla ya sufuria nzima, na haibadiliki motoni. Maji yanaongeza uzito, hayaongezi wanga.

Osha, maji, chumvi, mafuta kidogo, funika, moto mdogo. Hayo mnayajua. Mimi vitunguu siweki, wali nautaka mweupe. Kama wewe hupika kwa maji mengi halafu unayamwaga, sehemu ya wanga itaenda na maji hayo na hesabu yangu itakupa namba kubwa kuliko ukweli. Hapa maji yote yanakauka ndani.

Umeiva. Zima, acha utulie dakika tano, halafu kitambaa kilichokunjwa juu ya mizani kwanza, isiungue... ngoja, kamera imejaa mvuke. Shikilia hapo, mwanangu, futa. Sawa. Kitambaa kina uzito wake, kwa hivyo washa mizani kikiwa juu tayari, isome sifuri, ndipo uweke sufuria. Inasema 1,790. Sasa ile karatasi! Mnaona kwa nini niliwasumbua? 1,790 toa 640, wali ni gramu 1,150.

Kikokotoo cha simu: 312 gawanya kwa 1,150. Inatoka 0.271. Yaani kila gramu 100 za wali huu zina wanga gramu 27. Ukitaka gramu 50 za wanga, chukua 50 ugawanye kwa 0.271, upate kama gramu 185 za wali. Sahani juu ya mizani, sifuri, pakua... 182, 186, punguza kidogo. Hapo.

Hebu fikiria mtu aupime wali huu kwa namba ya pakiti. 185 mara 0.78 ni gramu 144. Sahani ina 50, yeye anadunga insulini ya 144. Sukari itashuka vibaya, na haitamngoja afike hospitali. Kipimo cha insulini kwa gramu za wanga mwulize daktari wako, mimi nahesabu wali tu.

Na 0.271 ni ya sufuria hii tu. Kesho ukiongeza maji, wali ule ule wa gramu 400 za mchele ukafika 1,300, kila gramu 100 zitakuwa na wanga 24, na sahani ya 185 itakuwa na 44 tu. Ndiyo maana napima kila mara, hata kama ni mchele ule ule.

Ukoko sasa, ambao mimi naupenda kuliko wali wenyewe. Umo kwenye ile 1,150, lakini umekauka, kwa hivyo gramu yake ina wanga zaidi ya gramu ya wali laini. Anayehesabu asile ukoko kwa 0.271. Niachieni mimi.

Wa kesho ugawe ukiwa bado na joto. Ukikaa kwenye friji bila kufunikwa vizuri unapoteza maji, uzito unashuka, wanga unabaki. Napima kila kopo sasa hivi na kuandika wanga juu ya kifuniko: hili ni gramu 200, wanga 54. Likipashwa moto kesho silipimi tena, nasoma kifuniko. Usilile nusu tu, lakini, maana itabidi upime upya.

Anayetaka mizani, aniandikie hapo chini, nitamwambia zimebaki za rangi gani.